Maswali ya Uraia na Istilahi za Ushiriki wa Wananchi Baina ya Uchaguzi Mmoja na Mwingine

Miongoni mwa maswali ambayo walimu na watafsiri hutuletea mara kwa mara, yamo yale yahusuyo somo la uraia, na hasa ile sehemu yake inayoeleza mwananchi afanye nini baada ya sanduku la kura kufungwa. Sehemu ya uchaguzi wenyewe haina tatizo kubwa la lugha, kwa kuwa istilahi zake zimekwisha kuzoeleka: mpiga kura, mgombea, daftari la wapiga kura, kituo, kura ya siri. Lakini tukija kwenye miaka mitano iliyopo kati ya uchaguzi na uchaguzi, maneno huanza kuyumba. Neno moja hubeba maana mbili au tatu, na maneno mawili yanayotofautiana kisheria hutumiwa kana kwamba ni pacha. Matokeo yake ni swali ambalo mwanafunzi anayejua mambo hulikosa, na asiyejua hulipata kwa kubahatisha.

Katika makala haya tutautazama mfano wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ambao mwaka 1982 ulikuwa bado haujazaliwa, kwa maana kwamba sheria tutakazozitaja zilitungwa wakati Bariadi ikiwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na mkoa mpya ulianzishwa mwaka 2012. Tumeichagua Bariadi kwa sababu moja mahsusi. Hapo zipo mamlaka mbili zinazobeba jina lile lile: Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi, ambayo wakazi wake wengi huishi vijijini, na Halmashauri ya Mji wa Bariadi, ambayo ina mitaa. Mwalimu mmoja anaweza kuhamishwa kutoka shule ya kijijini hadi shule ya mjini bila kuvuka mpaka wa wilaya, akakuta kwamba swali lililofaa jana leo halifai.

Kikao chenyewe na majina yake

Kiini cha ushiriki wa mwananchi wa kijijini baina ya chaguzi ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, iliuweka mkutano huu uwe wenye mamlaka ya juu kabisa katika mambo yote ya sera ya kijiji. Sheria hiyo iliupa pia kazi ya kuichagua Halmashauri ya Kijiji na, jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka, mamlaka ya kumwondoa mjumbe yeyote wa Halmashauri hiyo au kuwaondoa wote. Kwa desturi iliyowekwa, mkutano huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo husomwa taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji. Mwenyekiti wa kijiji ndiye auongozaye. Mtendaji wa Kijiji, ambaye ni mtumishi wa kuajiriwa na si wa kuchaguliwa, ndiye katibu.

Wajumbe wa mkutano huu ni nani? Hapa ndipo maneno ya kwanza yanapoanza kugongana. Sheria inamtaja mtu ambaye ni mkazi wa kawaida wa kijiji na ambaye ametimiza umri wa miaka 18. Haikusema raia, wala haikusema mpiga kura aliyejiandikisha. Kwa hiyo mtungaji anayeandika, “Ni raia gani wanaoruhusiwa kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji?” amekwisha kuingiza sharti ambalo halimo. Neno raia lihusu uhusiano wa mtu na taifa. Mkazi lihusu mahali anapoishi. Mwananchi ni neno pana la heshima ambalo katika hotuba hutosha, bali katika swali la mtihani halitoshi. Mwanamke aliyeolewa Dutwa mwezi uliopita akitokea Maswa, na akawa amehamia huko kwa maisha yake ya kawaida, ni mkazi, na mkutanoni ana sauti, hata kama jina lake bado limo katika daftari la wapiga kura la huko alikotoka. Swali zuri lingeweza kujengwa juu ya hali yake.

Neno la pili ni halmashauri. Likisimama peke yake halina maana moja. Ipo Halmashauri ya Kijiji, ambayo wajumbe wake kisheria hawapungui 15 wala hawazidi 25. Ipo Halmashauri ya Wilaya, ambayo ni baraza la madiwani pamoja na watumishi wake. Ipo pia Halmashauri Kuu, ambayo ni chombo cha chama cha siasa na si cha serikali. Mtoto aliyesikia nyumbani kwamba “halmashauri imeleta madawati” hajui ni ipi. Kanuni yetu ni fupi: katika swali la uraia neno halmashauri lisiandikwe kamwe bila nyongeza yake. Kadhalika jina serikali ya kijiji, ambalo wengi hulitumia kwa maana ya Halmashauri ya Kijiji, lafaa kwa mazungumzo, lakini karatasi ya mtihani na ifuate jina la sheria.

Neno la tatu ni mtaa. Mfumo mzima huitwa serikali za mitaa, vijiji vikiwa ndani yake. Wakati huo huo mtaa ni sehemu moja ya mji, iliyo na mwenyekiti wake na mkutano wake wa wakazi. Mwanafunzi wa kijijini akisoma swali lisemalo, “Taja kazi mbili za serikali za mitaa,” huweza kudhani kwamba anaulizwa habari za mjini, ambako hajawahi kuishi. Mwenzake wa mjini Bariadi, katika kata kama Somanda au Malambo, huweza kudhani kinyume chake, kwamba kila kilichoandikwa juu ya kijiji hakimhusu. Dawa si kubadili jina la mfumo, kwa kuwa limekwisha kuingia katika Katiba na katika sheria. Dawa ni mtungaji kutaja ngazi: kitongoji, kijiji, mtaa, kata, wilaya au mji.

Mkutano mkuu na mkutano wa hadhara

Tofauti ya nne twataka kuipa nafasi zaidi, kwa maana ndiyo inayowapotosha hata watumishi wa serikali. Mkutano wa hadhara ni mkusanyiko ulio wazi kwa yeyote apitaye. Kiongozi huweza kuuitisha ili atoe maelezo, chama huweza kuuitisha ili kieneze sera zake, na watu huweza kuuliza maswali. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni kikao cha kisheria: una wajumbe, una ajenda, una mwandishi wa muhtasari, na kinachoamuliwa humo ni azimio. Watu wale wale, chini ya mti ule ule, wakiongozwa na mwenyekiti yule yule, wanaweza kuwa katika mkutano wa hadhara siku ya Jumanne na katika Mkutano Mkuu siku ya Alhamisi. Tofauti haionekani kwa macho. Huonekana katika muhtasari.

Hili si suala la wanaisimu tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi ya kijiji bila ya kibali kilichotangulia cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Iwapo wanakijiji waliitwa kwenye mkutano wa hadhara, wakaelezwa juu ya mgao wa ardhi, wakapiga makofi, kibali hicho hakijapatikana. Mtu aliyefundishwa shuleni kwamba mikutano yote ni sawa hatajua kwamba ana la kuuliza.

Kwa wenyeji wa Bariadi, ambao wengi wao ni Wasukuma, yapo pia majina ya kimila. Dagashida ni mkusanyiko wa kijadi wa Kisukuma wa kujadili na kuamua mambo ya jamii, pamoja na kuwawajibisha waliovunja makubaliano. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi ingali wilaya ya mkoa huo, ulijengwa juu ya desturi ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho ili nyasi na miti vipumzike, na taratibu za kimila kama dagashida zilisaidia kuzilinda ngitili hizo. Basi mwanafunzi akiandika dagashida mahali alipoulizwa chombo cha wananchi kinachofanya uamuzi, msahihishaji afanye nini? Rai yetu ni hii: katika swali linalouliza njia ambazo jamii huamua mambo yake, jibu hilo ni sahihi na lipewe alama zote. Katika swali linalouliza chombo cha kisheria, jibu hilo halitoshi. Lakini wajibu wa kuionyesha tofauti hiyo ni wa mtungaji, kwa kuliandika neno kisheria katika shina la swali. Asimwachie mtoto akisie.

Kushiriki na kushirikishwa

Tangu mwaka 1972, serikali ilipopeleka madaraka mikoani na mabaraza ya wilaya yakavunjwa, hadi yaliporudishwa kwa sheria za mwaka 1982, lugha ya maendeleo imezoea kitenzi kushirikishwa. Wananchi washirikishwe, wananchi walishirikishwa, wananchi hawakushirikishwa. Kisarufi kitenzi hiki ni sahihi kabisa. Kimaana, kinamweka mwananchi mahali pa mtendwa: yupo mwingine anayemshirikisha, naye husubiri. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 21, haikusema hivyo. Inampa kila raia haki na uhuru wa kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Kitenzi ni cha mtenda.

Hatusemi kwamba kushirikishwa lifutwe. Linafaa pale tunapoeleza wajibu wa kiongozi, kwa mfano, “Mtendaji anapaswa kuwashirikisha wakazi katika kupanga.” Lakini pale tunapouliza habari za mwananchi, tutumie kushiriki, kuhoji, kupendekeza, kukubali, kukataa, kuwajibisha. Kila kimoja kati ya vitenzi hivyo chataja tendo linaloonekana, na tendo linaloonekana ndilo linaloweza kupimwa.

Mkanganyiko wa namna hiyo hiyo upo kati ya kushiriki na kuchangia. Mahali pengi wanakijiji hujenga boma la darasa kwa nguvu zao, na serikali ikaja kuezeka na kumalizia. Mwanafunzi akiulizwa wazazi wake walishirikije, hujibu kwamba walichota mchanga na kutoa fedha. Hakukosea, ila amejibu nusu. Kuchanga ni sehemu ya utekelezaji. Uamuzi wa kujenga, uamuzi wa kiasi cha mchango, na haki ya kusomewa hesabu baadaye ni sehemu nyingine, na ndizo tunazotaka azijue. Pia mtungaji ajihadhari na maneno ya mahali. Msaragambo, kwa maana ya kazi ya pamoja, ni neno linalosikika zaidi upande wa Upare na Usambara. Mtoto wa Nkololo aweza kulikosa swali kwa sababu ya neno hilo peke yake. Katika mtihani wa nchi nzima iandikwe kazi ya kujitolea.

Swali moja, hatua kwa hatua

Sasa tulichukue swali moja tulitengeneze. Tuseme mwalimu ameandika hivi:

Wananchi hushirikishwa katika maendeleo kwa: A. kupiga kura B. kuhudhuria mikutano C. kuchangia fedha D. yote hapo juu.

Swali hili lina kasoro tatu. Kwanza, shina halisemi wakati wala ngazi, kwa hiyo kila jibu ni kweli mahali fulani. Pili, chaguo D linamwokoa asiyejua: akitambua kwamba mawili ni kweli, humaliza kazi bila kulifikiri la tatu. Tatu, hakuna uamuzi wowote anaoulizwa mwanafunzi. Anatambua tu maneno aliyoyasikia darasani. Tuligeuze:

Halmashauri ya Kijiji imependekeza kuzigawia kaya kumi sehemu ya ardhi ya kijiji ambayo haijagawiwa mtu. Kisheria, ni nani anayepaswa kutoa kibali kabla ardhi hiyo haijagawiwa? A. Mkuu wa Wilaya B. Mkutano Mkuu wa Kijiji C. Mtendaji wa Kijiji D. Balozi wa nyumba kumi.

Jibu ni B. Lakini thamani ya swali imo katika yale matatu yasiyo jibu, ambayo watahini huyaita vipotoshi. Kipotoshi kizuri hakitungwi ili kumtega mtoto. Hutungwa ili kila kosa limwambie mwalimu jambo. Anayechagua A huamini kwamba madaraka yote hushuka kutoka juu. Hajatofautisha Mkuu wa Wilaya, ambaye huteuliwa na Rais, na vyombo vinavyochaguliwa na wakazi. Anayechagua C amemchanganya mwajiriwa na mwenye mamlaka, pengine kwa kuwa Mtendaji ndiye anayeshika mhuri. Anayechagua D amekirithi kumbukumbu cha zamani: balozi wa nyumba kumi alikuwa kiungo cha chama na serikali katika enzi ya chama kimoja, lakini tangu mfumo wa vyama vingi uliporudishwa mwaka 1992, balozi ni kiongozi wa chama, wala si ngazi ya serikali za mitaa. Wazee wengi bado humwendea kwa shida zao, na hakuna ubaya katika hilo. Ila hawezi kutoa kibali cha ardhi.

Tuseme darasa lina wanafunzi arobaini, na kumi na wanane kati yao wamechagua C. Mwalimu asilirudie somo zima. Arudie tofauti ya kuajiriwa na kuchaguliwa, kisha aulize tena kwa mfano mwingine. Iwapo wanafunzi bora wa darasa ndio waliochagua C kwa wingi kuliko wale wa chini, basi na alitazame tena swali lenyewe, kwa maana huenda maneno yake yanavuta upande usio sahihi. Na iwapo hakuna hata mmoja aliyechagua D, kipotoshi hicho hakifanyi kazi hapo. Kibadilishwe, mathalani kwa kuweka Diwani wa kata.

Swali hili likipelekwa katika shule ya mjini, haliwezi kutafsiriwa kwa kuondoa kijiji na kuweka mtaa. Ardhi ya mjini haiko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na mkutano wa mtaa hauna mamlaka hayo. Mwalimu wa mjini Bariadi atunge swali jingine lenye hali nyingine, kwa mfano taarifa ya fedha zilizochangwa na wakazi kwa ajili ya ulinzi wa mtaa, na kuuliza ni wapi mkazi aidai taarifa hiyo. Huku ndiko tunakokuita kulinganisha maswali kwa maana na si kwa maneno.

Mwongozo wa usahihishaji

Kwa maswali ya kujieleza, jambo la kwanza kuandikwa ni mwongozo wa usahihishaji, kabla ya swali kuchapwa. Chukua swali hili: “Wakazi wa kijiji wamechanga fedha za boma la darasa. Eleza mambo mawili wanayoweza kuyadai katika Mkutano Mkuu unaofuata.” Mwongozo ukubali taarifa ya mapato na matumizi, hesabu, mchanganuo wa fedha, au hata maelezo ya kawaida kama “waambiwe pesa zimetumikaje.” Dhana ni moja. Ukubali pia kudai kusomewa muhtasari wa kikao kilichopita, kuuliza sababu ya ujenzi kusimama, na kupendekeza mjumbe aliyetumia fedha vibaya aondolewe. Usikubali “kumshitaki mwenyekiti kwa balozi” wala “kusubiri uchaguzi.” Jibu hili la mwisho lastahili kuhesabiwa kando na msahihishaji, kwa kuwa likijitokeza mara nyingi latuambia kwamba somo limefundisha uchaguzi likasahau miaka mitano inayofuata.

Wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minne siku hiyo atatimiza miaka 18 kabla ya uchaguzi mwingine wa namna hiyo kufika. Ataingia katika Mkutano Mkuu wa Kijiji akiwa mjumbe kamili wakati viongozi ambao hakuwapigia kura wangali madarakani. Maneno atakayoingia nayo ni yale aliyoyakuta katika karatasi zetu za maswali. Kwa hiyo twawaomba watungaji na watafsiri, wanapokutana na halmashauri, mtaa, mkutano, raia au kushirikishwa, wasimame kwanza na kujiuliza ni kipi hasa kinachotajwa, kisha wakiandike kwa jina lake.